Maziwa, barakoa ya kitambaa na mvuke wa sheli

*"Wakuu, mdogo wangu ana miezi minne anauza mafuta sheli. Akitoka shifti ya usiku kichwa kinamgonga mpaka mchana. Bosi anawapa paketi ya maziwa kila siku, anasema yanaondoa sumu ya petroli, na wengine wanavaa barakoa ya kitambaa. Hivi vinasaidia kweli? Na ile habari ya saratani ni ya kweli au watu wanatishana tu?"*

Mkuu, nimekaa kwenye pampu miaka mitano, kisha minne nikiwa msimamizi wa kituo. Maziwa nimeyanywa sana, na sikatai, yalikuwa matamu. Ila tazama njia yanayopita. Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke wa petroli unaingia kwa pua hadi kwenye mapafu, na hapo unaingia moja kwa moja kwenye damu. Hawa wawili hawakutani. Mwajiri anayegawa maziwa amenunua kitu rahisi kuliko vyote, na ubaya wake ni kwamba kijana akishakunywa anajiona amekingwa, anaacha kujihadhari.

Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi. Mvuke ni hewa, unapita kwenye nyuzi kama hazipo. Ukinusa petroli ukiwa umeivaa, jibu umeshalipata.

Habari ya saratani ni ya kweli, lakini tuiweke mahali pake. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na anayeogopwa zaidi humo anaitwa benzeni. Ulaya tangu mwaka 2000 hairuhusu izidi asilimia 1 ya petroli. Ikishaingia mwilini, ini huivunjavunja, na mabaki yake ndiyo yanayoharibu uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Ndiyo maana ugonjwa wake mkubwa ni saratani ya damu. Kinachokuja ni hatari inayojilimbikiza kwa miaka ya kuvuta. Miezi minne haimaanishi mdogo wako ameshaumia. Na kichwa kinachomgonga hakisababishwi na benzeni peke yake, ni mvuke wote kwa jumla. Benzeni kwa kiwango kidogo haikupi dalili yoyote. Marekani, kwa kazi nyingi za viwandani, kisheria mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 1 katika milioni ya hewa kwa wastani wa saa nane. Ulaya ilishusha hadi 0.5 mwaka 2024, na kuanzia Aprili 2026 ni 0.2. Kwa viwango hivyo pua haiwezi kuwa mlinzi wako.

Sasa nije kwenye shifti ya usiku, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe.

Kituo changu cha kwanza nilikuwa naumwa kichwa siku kadhaa kwa wiki, siku nyingine niko mzima kabisa. Nilidhani ni usingizi. Nikaanza kuandika nyuma ya daftari la mauzo siku zinazoniuma, na baada ya kama wiki tatu nikaona zinalingana na siku lori linaposhusha. Lori lilikuja saa sita au saa saba usiku, foleni zimekwisha.

Fikiria tangi la chini ya ardhi. Likipungua petroli halibaki tupu, linajaa hewa iliyoshiba mvuke. Lori likishusha lita 20,000, karibu lita 20,000 za hewa hiyo lazima zitoke mahali fulani, na zinatokea kwenye bomba la kupumulia. Kwa petroli yenye benzeni asilimia 1, kwenye joto letu la nyuzi 30, hesabu inatoa zaidi ya sehemu 1,000 za benzeni katika milioni ndani ya hewa hiyo. Ikitoka inachanganyika na upepo na kupungua sana. Lakini usiku upepo umelala, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unashuka na kutambaa chini. Bomba letu lilikuwa fupi, lilivunjwa na gari likaungwa hivyo hivyo, mdomo wake usawa wa dirisha la kibanda. Na sisi, lori likishusha, tulikuwa tunakaa humo kibandani kuhesabu pesa kwa sababu hakuna wateja. Tulikuwa tumejipeleka wenyewe kwenye mdomo wa chungu.

Dawa ya hili ipo na haina ugumu: mpira wa pili unaorudisha mvuke kutoka kwenye tangi kwenda kwenye lori. Petroli inashuka kwa mpira mmoja, hewa yake inapanda kwa mwingine, lori linaondoka nayo. Malori mengi yana mahali pa kuufunga. Kwetu kituo ndicho hakikuwa na kiungio. Mwenye kituo hakuuweka mpaka naondoka. Tulichopata ni bomba kurefushwa hadi juu ya paa, na sisi kukaa upande upepo unakotoka mpaka robo saa baada ya lori kufunga. Vichwa vikapungua mno.

Gari la mteja ni hadithi ileile kwa udogo. Ukijaza lita 40, lita 40 za mvuke zinakupanda usoni. Aweke nozo, afunge kilimi chake cha kuishikilia wazi kama kipo, arudi hatua mbili upande wa upepo. Nozo ikikata yenyewe, asiongeze "mpaka shilingi zitimie". Hapo ndipo inapofoka na kumlowesha. Wakati wa kupima tangi kwa kijiti, asiinamie shimo. Afungue, ageuze uso, asubiri kidogo. Na asinawe mikono kwa petroli kuondoa oili, kama tulivyokuwa tunafanya sote. Ovaroli ikilowa aivue pale pale, maana itaendelea kumvukizia shifti nzima.

Kama bosi anataka kutumia hela ya maziwa vizuri, anunue barakoa ya mpira yenye kichujio cha mkaa. Za viwango vya Ulaya zina utepe wa kahawia kwa mvuke wa aina hii. Hakuna atakayeivaa saa nane kwenye jua letu, nisikudanganye, lakini kwa kupima tangi na kushusha lori inatosha. Kichujio hakioshwi, na kikishafunguliwa kihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa, la sivyo mkaa unaendelea kunyonya hata kikiwa kimetundikwa ukutani.

Kipimo cha damu, ile FBP ya kawaida, afanye sasa na akitunze cheti. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Wengi wetu Waafrika kwa asili tuna aina moja ya chembe nyeupe, nyutrofili, kidogo kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara, na ni wazima. Mimi niliambiwa hivyo baada ya kukesha siku mbili na hofu. Kinachotazamwa ni namba zake mwenyewe mwaka hadi mwaka: chembe nyeupe, hasa limfosaiti, chembe sahani na wekundu wa damu, vikishuka pamoja bila sababu, aende kwa daktari na ataje kazi yake kabla hajaulizwa. Tanzania sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri apeleke wafanyakazi kupimwa, kwa hiyo hiyo gharama si ya mdogo wako.

Muulize lori lao linashusha saa ngapi, bomba la kupumulia liko upande gani wa kibanda, na wao hukaa wapi wakati huo. Ukirudi na majibu hayo matatu tutajua kichwa kinatoka wapi.