Nenosiri ni sahihi, kinachokataliwa ni anwani ya VPN

Kama unaingia kwenye akaunti yako vizuri ukiwa umezima VPN, na ukiiwasha tu unaambiwa nenosiri si sahihi, naomba usiliguse kwanza hilo nenosiri. Mimi niligusa langu. Jioni moja nilibadilisha nenosiri la barua pepe mara tatu mfululizo, kila mara nikidhani nimekosea herufi, na baada ya mara ya tatu akaunti ikafungwa kwa saa 24. Nilikuwa na kazi ya kutuma usiku ule na sikuweza kuituma. Nenosiri la kwanza halikuwa na kosa lolote.

Ukitumia VPN, huduma unayoingia haiioni anwani ya IP ya nyumbani kwako. Inaona anwani ya seva ambako safari yako inatokea, na seva hiyo kwa kawaida imekodishwa kwenye kituo cha data. Anwani hiyohiyo hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na miongoni mwao wamo wanaojaribu orodha za majina na nywila zilizoibwa kwingine, akaunti baada ya akaunti, kwa kutumia programu. Huduma huhesabu majaribio kwa kila anwani. Anwani ikishachafuka, anayekuja nyuma kupitia njia ileile hupokelewa kwa shaka hata kama ni mwenye akaunti halali.

Kinachowapoteza wengi ni ujumbe wenyewe. Huduma nyingi hazisemi “tumeikataa anwani yako”, kwa sababu zikisema hivyo mwizi atajua mara moja cha kubadilisha. Ndiyo maana unasoma maneno ya jumla kama “imeshindikana, jaribu baadaye”, au mbaya zaidi, “jina au nenosiri si sahihi”.

Kujua ukweli kunataka jaribio moja lililofanywa kwa uangalifu. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, ili vidakuzi vya zamani visikubebe, kisha ingia VPN ikiwa imezimwa. Lifunge, washa VPN, fungua dirisha jipya la faragha, jaribu tena mara moja tu. Kifaa kiwe kilekile, kivinjari kilekile, na mtandao ulio chini ya VPN uwe uleule. Ukihama kutoka waifai kwenda data ya simu katikati ya jaribio, umebadilisha vitu viwili na hutajua kipi kimekukatalia.

Ukitaka uhakika zaidi, kwenye kompyuta bonyeza F12, nenda `Network`, ujaribu kuingia huku ukiangalia namba ya jibu. Namba 403 inayokuja pale tu VPN inapokuwa imewashwa huashiria kwamba umezuiwa mlangoni, na 429 maana yake ni maombi mengi mno, hata kama wewe umejaribu mara moja: umehesabiwa pamoja na wenzako wa anwani hiyo. Namba 401 haithibitishi kitu, kwa kuwa ndiyo hutolewa pia kwa nenosiri lililokosewa kweli.

Baada ya hapo niliangalia ninatokea wapi. Amri ni hizi, VPN ikiwa imewashwa, na anwani niliyoiweka ni ya mfano; weka uliyojibiwa na amri ya kwanza:

```
curl -4 https://ifconfig.me
curl -6 https://ifconfig.me
whois 203.0.113.45
```

Amri ya tatu ilinitajia kampuni inayokodisha seva, na hilo nililitarajia. Jibu la amri ya pili ndilo lililonishangaza: VPN yangu ilikuwa inabeba anwani za mfumo wa zamani, IPv4, tu, na mfumo mpya, IPv6, ulikuwa unapita pembeni ukiwa na anwani yangu ya nyumbani. Hapo nikaelewa kwa nini siku nyingine niliingia bila shida na siku nyingine nikakataliwa. Kivinjari kilichagua njia moja au nyingine, na huduma ikaniona niko nchi mbili ndani ya dakika moja. Hivyo ndivyo akaunti iliyoibwa inavyoonekana. Kama kukataliwa kwako kunakuja na kuondoka bila mpangilio, anza kukagua hapa kabla ya kitu kingine. Programu nyingi za VPN zina kitufe cha kuzuia IPv6. Kiwashe, kisha rudia amri ya pili. Inapaswa kushindwa.

Nilipoliziba hilo, nikakataliwa kila mara. Nilihama kwenda seva nyingine ya mji uleule na nikapata anwani iliyotofautiana na ya kwanza kwa tarakimu za mwisho tu. Ikakataliwa vilevile, kwa kuwa huduma huweza kufungia kundi zima la anwani 256 zinazofuatana badala ya moja moja. Seva ya mji mwingine, ambayo `whois` ilionyesha ni ya kampuni tofauti, ilikubali. Nilifurahi kwa siku tisa, kisha nayo ikafungiwa. Kwa hiyo kuhamahama seva kunafaa kwa dharura ya siku moja. Usifanye hivyo kuwa desturi, maana kila nchi mpya unayotokea huongeza shaka juu ya akaunti yako.

Dawa iliyodumu kwangu ni kuiondoa huduma hiyo ndani ya VPN. Kwenye mipangilio kuna sehemu inayoitwa `Split tunneling`, ambapo unachagua programu zinazopita nje. Angalia lakini: ukiitoa programu ya kivinjari, tovuti zote unazofungua humo zinatoka nje pia. Mimi nimeweka kivinjari cha pili kwa ajili ya barua pepe tu, nikakitoa hicho. Nenosiri langu bado linasafiri limefichwa kwa HTTPS. Mwenye mtandao anaweza kuona jina la tovuti ninayoitembelea, ila haoni ninachoandika humo. Kama hata jina hilo ni siri kwako, njia hii haikufai.

Anayelazimika kubaki ndani ya VPN anaweza kulipia anwani ya peke yake. Hapo hachafuliwi na wengine, ila anwani bado ni ya kituo cha data, na huduma zinazokataa vituo vya data vyote zitamkataa. Ninachokipenda zaidi, hasa kwa msafiri, ni kuweka VPN yako mwenyewe nyumbani kwa programu ya WireGuard, kwenye kompyuta ndogo au ruta inayoikubali, ili popote ulipo utokee kwa anwani ya nyumbani ambayo huduma imeizoea. Kabla hujaanza, soma anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta yako. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na simu yako ikiwa mbali haitaweza kuifikia nyumba moja kwa moja. Itabidi umwombe anwani ya umma kwanza.

Na kama akaunti imeshafungwa, zima VPN, subiri muda uliotajwa uishe, kisha ingia mara moja kutoka mtandao wa nyumbani kwenye kifaa ulichozoea kukitumia. Ukilazimika kuwaandikia wahudumu, wape saa ya jaribio kwa UTC, anwani uliyotokea, na namba ya jibu uliyoiona. Barua yangu ya kwanza ilisema tu “siwezi kuingia”, na nikajibiwa nibadilishe nenosiri. Ya pili ilikuwa na mambo hayo matatu, na jibu lake lilikiri kwamba anwani ile imezuiwa.