Tangawizi mbichi kwa kichefuchefu cha mimba changa

"Mimba ina wiki 8, kichefuchefu hakiishi. Chai ya tangawizi mbichi ninywe kiasi gani kwa siku, na niache lini?"

Dada, kijiko 1 cha chai cha tangawizi iliyokunwa kinatosha siku nzima. Iloweke dakika 10 kwenye vikombe 4 vya maji ya moto, chuja, kisha unywe kidogo kidogo. Ni karibu sawa na gramu 1 ya unga mkavu, kiwango kilichotumika kwenye tafiti nyingi za wajawazito. Anayesema kwamba "ni mmea, haina kipimo" amekosea kidogo: ikizidi inaleta kiungulia, na kiungulia chenyewe kinachochea kutapika. Ukikipata, punguza au uache. Acha kabisa ukiona damu ukeni, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda usianze bila kumuuliza daktari. Maji yasipokaa tumboni siku nzima, au mkojo ukiwa mchache na wa rangi nzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo.