Baba alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 46: namna ya kusoma majibu ya mwanawe

Ninyi mnaoanza kliniki, mtakutana na kijana kama huyu. Ana miaka 29, havuti sigara, presha iko sawa. Baba yake alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, kwa hiyo tunalihesabu kuwa la mapema. Majibu yanasema: LDL 2.9 mmol/L, ApoB 95 mg/dL, Lp(a) 190 nmol/L. Wengi huangalia LDL na ApoB, wakaona hakuna cha kutisha, wakamruhusu aende. Hapo ndipo ninapowaomba msimame.

Kila chembe ya mafuta inayoweza kuziba ateri hubeba apolipoproteini B moja tu, kwa hiyo ApoB ni idadi ya chembe zote kwa pamoja. Chembe za Lp(a), zinazofanana na LDL ila zimeshikwa na protini ya ziada iitwayo apo(a), nazo zimo humo, lakini ni chache. ApoB ya 95 mg/dL ni takribani chembe 1,900 nmol/L. Zile 190 za Lp(a) ni moja ya kumi tu. Ndiyo maana ApoB haiwezi kukuonya juu yake, ingawa kila chembe ya Lp(a) inadhuru mshipa kuliko chembe ya kawaida ya LDL. Kuanzia 125 nmol/L tunaiita ya juu. Kijana huyu amevuka, na huenda hiyo ndiyo sehemu ya alichorithi kwa baba.

Angalieni kizio kabla ya namba. Maabara nyingine hutoa mg/dL, ambako kiwango cha juu huanzia 50. Msizidishe kwa namba moja ili kupata nmol/L: protini ya apo(a) hutofautiana ukubwa kati ya mtu na mtu, hivyo hakuna namba moja ya kuzidishia inayomfaa kila mgonjwa. Pia kama alikuwa na maambukizi makali siku ya kupimwa, au figo zinavuja protini nyingi, au tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri, Lp(a) inaweza kubadilika, kwa hiyo rudieni kipimo akishatulia. Vinginevyo kipimo kimoja maishani kwa kawaida kinatosha, kwa kuwa vinasaba ndivyo vinavyoamua karibu kiwango chote.

Mwambieni ukweli huo waziwazi. Akibadili chakula na kukimbia kila asubuhi, Lp(a) haitashuka kwa kiasi cha maana, na asije akajilaumu. Statini nazo haziishushi. Wakati mwingine huipandisha kidogo. Bado zina kazi, maana hushusha zile chembe tisa kati ya kumi zilizobaki. Kwa kijana huyu mimi ningelenga ApoB ya chini zaidi ya 95, ningejadiliana naye kama statini ianze sasa, na ningefuatilia presha na sukari kila mwaka.

Kabla hajatoka, mwulizeni ana ndugu wangapi. Kama kinasaba kimetoka kwa baba, kila mtoto wa baba huyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa nacho, na kipimo hakihitaji kufunga kula.