Asetilikolini ikikosekana au ikizidi, msuli unalegea

"Sumu ya botulinamu inazuia asetilikolini, dawa ya wadudu inaizidisha. Mbona zote zinapoozesha?"

Ndugu yangu, mchukue mpuliza mikorosho wa huku Newala aliyelowa dawa ya jamii ya oganofosfeti. Kimeng'enya cha kuvunja asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye msuli, kimefungwa, hivyo msuli unaamrishwa bila kupumzika. Kwanza nyama zinachezacheza, kisha msuli hausikii tena amri mpya, unalegea. Botulinamu huzuia asetilikolini kutoka kwenye ncha ya neva, amri haifiki kabisa.

Tazama uso. Wa dawa mboni zimesinyaa, mate na jasho vinamtiririka. Wa botulinamu kope zimeanguka, mdomo mkavu. Atropini, dawa anayopewa huyo aliyelowa dawa ya wadudu, hukausha mate, lakini misuli hairudishii nguvu, kwa hiyo pumzi ndiyo ya kulindwa. Vaeni glavu, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni, mkimbizeni hospitali.