Kuchagua kaya bila orodha: kila kaya iwe na paa moja

Sensa ya mwisho ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Anayetaka kudodosa kaya pembezoni mwa Lubumbashi hana orodha ya kutegemea, kwa hiyo huanza na mapaa yanayoonekana kwenye picha za satelaiti. Open Buildings ya Google hutoa umbo la kila jengo, ukubwa wake na safu ya `confidence`, yaani alama ya uhakika kwamba hilo ni jengo kweli, inayoanzia 0.65.

Usikimbilie kufuta majengo madogo au yenye alama ndogo. Choo kilichobaki kwenye orodha kitampotezea mdodosaji dakika chache tu, lakini chumba cha mpangaji kikifutwa, hakuna hesabu itakayomrudisha.

Tandaza gridi ya mita 200 kwa 200 katika QGIS, kisha uhesabu vitovu vya majengo badala ya maumbo, ili jengo lililokaa mpakani lisihesabiwe mara mbili. Seli yenye majengo chini ya 30 iunganishe na jirani yake kabla ya kuchagua. Ukiunganisha baadaye, uwezekano wa seli kuchaguliwa hautajulikana tena.

Tuseme eneo lina majengo 60,000 na unataka seli 40. Panga seli kwa mfuatano, jumlisha majengo yake hatua kwa hatua, anzia namba ya bahati kati ya 1 na 1,500, kisha ruka 1,500 kila mara; seli ambamo namba inaangukia ndiyo iliyochaguliwa. Seli yenye majengo 90 ikichaguliwa, chagua humo majengo 15 kwa bahati nasibu. Uwezekano wa kila jengo kuchaguliwa ni:

```
(40 × 90 / 60000) × (15 / 90) = 0.01
```

Uzito wa kila jengo ni 1 / 0.01, yaani 100. Ukichagua 15 katika kila seli, uzito huo hubaki uleule kote.

Kazi ngumu iko uani. Kaya moja inaweza kuwa na nyumba, jiko na ghala, yaani mapaa matatu, na bila kanuni ingekuwa na nafasi tatu za kuchaguliwa. Kanuni ni kwamba kaya ni ya jengo analolala mkuu wake. Mdodosaji akifika jikoni, aandike "si makazi" na aendelee, asihamie nyumba ya jirani. Akihamia, 15/90 si kweli tena. Ndiyo maana chagua majengo mengi kuliko mahojiano unayohitaji, na ukubali seli moja ikupe kaya 11 na nyingine 6.

Jengo likiwa na kaya tatu, ziorodheshe zote, chagua moja kwa bahati nasibu, na uzito wake uwe 300. Hatua hii husahaulika sana, na wapangaji ndio wanaopungua kwenye matokeo.

Nyumba iliyojengwa baada ya picha kupigwa ihesabiwe chini ya paa la ramani lililo karibu nayo zaidi. Paa hilo likichaguliwa, nyumba hiyo nayo imeingia.

Baada ya siku ya kwanza, linganisha GPS ya kila hojaji na kitovu cha jengo. Tofauti ya mita 10 ni ya kawaida. Ikizidi 30, ama mdodosaji alibadilisha nyumba, ama hiyo ni nyumba mpya, na fomu lazima iseme ni ipi.