Mwenye nyumba akikuambia "saini miaka mitatu, kodi siigusi"

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili mwenye nyumba aliponiletea karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka mmoja, kama tulivyozoea, na nyongeza kidogo ya kodi. Ya pili ilikuwa ya miaka mitatu, kodi ikiwa imefungwa mpaka mwisho. "Chukua hii ya miaka mitatu," akaniambia, "upumzike na mambo ya kupandishiwa kila mwaka."

Maneno hayo niliwahi kuyasikia katika nyumba nyingine, na nilisaini palepale. Mwezi wa 19 kazi ikanihamisha. Mkataba haukuwa na kifungu cha kuondoka mapema, kwa hiyo nikapoteza amana yangu na bado nikalipa kodi ya miezi miwili ya nyumba niliyokuwa nimeshaihama. Iliniuma sana, na ndiyo maana safari hii niliomba wiki moja, nikakaa na kalamu.

Tuseme kodi ya sasa ni 100 kwa mwezi, ili kila mmoja aweke kiasi chake. Karatasi ya mwaka mmoja ilisema 105. Ya miaka mitatu ilisema 108, bila kubadilika. Nikajiuliza: nikienda mwaka kwa mwaka na kodi ikapanda asilimia 5 kila mara, itakuwaje? Mwaka wa kwanza ningelipa 105, wa pili 110.25, wa tatu karibu 116.

Sasa linganisha. Mwaka wa kwanza kodi iliyofungwa inakuzidishia 3 kila mwezi, yaani umeshatoa 36 za ziada. Mwaka wa pili unaokoa 2.25 kwa mwezi, jumla 27, bado hujarudisha ulichotoa. Faida inakuja mwaka wa tatu, kama 93. Ukijumlisha na kutoa, miaka mitatu yote inakuachia 84, na hiyo haifikii hata kodi ya mwezi mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonipata kule nyuma. Mpangaji anatanguliza gharama, faida anaikuta mwishoni. Kwa hesabu hii, anayehama kabla ya mwezi wa 26 hivi amepata hasara hata kama hakutozwa faini yoyote. Akitozwa kodi ya miezi miwili, ambayo ni 216, amelipa zaidi ya mara mbili ya faida yote aliyokuwa anaifukuzia. Na kama kodi ingepanda asilimia 3 tu katika mwaka wa pili na wa tatu, faida yenyewe ingebaki kama 6.5. Kwa hiyo tazama kwanza kodi yako imepanda kwa kiasi gani miaka iliyopita. Usikubali kutishwa na nyongeza ambayo hujawahi kuiona.

Nilirudi kwa mwenye nyumba bila kubishana juu ya ile 108. Nilimwomba mlango wa kutokea: baada ya mwezi wa 12, niweze kuondoka kwa notisi ya miezi miwili, bila faini, na amana yangu irudi kama nyumba iko salama. Alisita. Nikamkumbusha kwamba nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu amepoteza 108, bado rangi na dalali. Notisi ya miezi miwili inampa muda wa kutafuta mpangaji mwingine kabla sijatoka. Mwenye nyumba anayetoa ofa kama hii anataka utulivu, na kumwonyesha kwamba hataupoteza kunasaidia kuliko kumlilia apunguze.

Kisha tukasoma pamoja sentensi iliyonishtua: "Kodi haitabadilika, isipokuwa gharama za huduma zitakazorekebishwa na mwenye nyumba." Yaani kodi imefungwa, lakini ulinzi, taka na usafi viko wazi, na nyongeza inaweza kupitia huko. Nilimwomba aandike kwamba gharama hizo zitapanda kwa kiasi kile tu ambacho mtoa huduma amepandisha, na risiti nioneshwe. Hilo alilikubali haraka.

Lililochukua muda ni suala la kuuza nyumba. Kodi iliyofungwa haina maana kama mmiliki mpya anaweza kukuambia hakukuahidi chochote. Sheria za nchi hutofautiana, na kwingine mkataba wa miaka kadhaa sharti usajiliwe ndipo umfunge mnunuzi, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini. Sisi tuliandika kwamba akiuza, atamuuzia mtu pamoja na mkataba huu.

Nyongeza zote tatu aliziandika kwa mkono pembeni ya kurasa, kila moja tukaisaini sote wawili. Nikaondoka na nakala yangu siku hiyohiyo.