Kabla ya Kuisifu Ndoa, Tazama Miaka Iliyoitangulia

Anayeanza kuchunguza uhalifu katika mkondo wa maisha, yaani jinsi mtu anavyouanza na kuuacha kadiri umri unavyosonga, hupenda kulinganisha waliooa na wasiooa, na akikuta waliooa wanakamatwa mara chache zaidi, huona kazi imekwisha. Ushauri wangu ni kuachana na ulinganisho huo mapema, kwa sababu kijana aliyekwisha kutulia ndiye pia anayekubaliwa upesi na wakwe, na kwa hiyo huwezi kujua kama kilichombadilisha ni ndoa.

Robert Sampson na John Laub, watafiti wa uhalifu wa Marekani, walilinganisha mtu na nafsi yake katika vipindi tofauti vya maisha. Walitumia majalada ya wavulana 500 wa Massachusetts waliopelekwa shule za maadilisho, yaliyokusanywa na watafiti Sheldon na Eleanor Glueck na kukutwa miaka ya 1980 katika ghorofa ya chini ya ardhi ya maktaba ya sheria ya Harvard. Baadaye waliwatafuta na kuwahoji 52 kati yao, wakiwa wamekaribia miaka 70. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mwanamume yuleyule, katika vipindi alivyokuwa na mke, uwezekano wake wa kufanya uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 35. Maelezo ya wazee hao yalikuwa ya kawaida mno: mke alijua mumewe yuko wapi jioni, na marafiki wa kijiweni wakapungua mmoja mmoja. Ndiyo maana athari ya ndoa nzuri hujengeka polepole, wala haianzi siku ya harusi.

Hata hivyo, takwimu za Norwe zilizochambuliwa na watafiti Lyngstad na Skardhamar zimenifanya niwe mgumu kushawishika. Walipopanga makosa kwa kufuata muda kabla na baada ya ndoa, waliona uhalifu ukishuka miaka kadhaa kabla ya harusi. Chukua mtu wa kubuni aliyehukumiwa akiwa na miaka 19, 21 na 23, kisha akaoa akiwa na miaka 27. Ukigawa maisha yake kuwa kabla na baada ya ndoa, ndoa itaonekana imemwokoa, ilhali miaka minne iliyotangulia harusi haina kosa hata moja. Huenda uchumba ndio uliomvuta, au alikuwa ameamua mwenyewe. Jedwali lenye safu mbili tu haliwezi kutofautisha. Kwa hiyo chora makosa mwaka kwa mwaka ukiiweka harusi kwenye sifuri, na uandike pia tarehe walipoanza kuishi pamoja, ikiwa unayo.

Kwa ajira fanya hivyohivyo, lakini tenganisha umri: mwanasosiolojia Christopher Uggen, akichambua mpango wa kuwapa kazi watu wenye rekodi za uhalifu nchini Marekani, aliona kwamba kazi iliwasaidia wenye miaka 27 na zaidi, huku kwa wadogo zaidi athari ikiwa ndogo mno.

Mwisho, toa siku za kifungo katika hesabu. Mfungwa hapati nafasi ya kuiba mtaani wala ya kuoa, na ukizihesabu siku zake kama za uraiani, utamwandika kuwa ameacha uhalifu mtu ambaye alikuwa amefungiwa tu.